Mzaha wangu umeingia kwenye kundi la idara: niombe radhi vipi?

*"Niko kwenye mafunzo kazini, huu ni mwezi wa pili. Jana saa tano asubuhi, kikao kikiendelea na mzungumzaji akisema 'la mwisho kabisa' kwa mara ya nne, niliandika: 'Hii ni la mwisho kabisa ya nne. Naweza kwenda kuoa nikarudi nikamkuta bado yupo kwenye la mwisho 😂'. Nilidhani niko kwenye grupu letu la watarajali, kumbe ni grupu la idara, watu kama sitini, na Mkuu wa Idara aliyekuwa akizungumza yumo. Niliufuta baada ya dakika sita hivi. Wawili walikuwa wameshaweka alama ya kicheko. Mpaka leo hakuna aliyesema kitu. Rafiki zangu wanasema ninyamaze, nisifufue jambo lililokwisha kufa. Nimeandika radhi lakini sijaituma. Naiambatisha uisome. Nifanye nini?"*

Omba radhi, mdogo wangu, na uiombe leo. Ila usitume hiyo uliyoiandika, na usianzie kwenye kundi. Nitakueleza sababu za yote mawili, lakini kwanza tuzungumze kuhusu ushauri wa kunyamaza, maana rafiki zako hawajasema upuuzi.

Funika kombe mwanaharamu apite ni ushauri unaofaa pale ambapo kosa halina mwenyewe. Mtu akiandika "nimeshafika, uko upande gani?" kwenye kundi la kazi, anafuta, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeguswa, na radhi ya kirasmi juu ya ujumbe wa namna hiyo ingewachosha watu sitini bure. Mzaha wako ni tofauti kwa jambo moja tu: una mwenyewe. Kuna mtu mmoja ambaye maneno yale yanamhusu, yumo kwenye kundi, na simu yake ilikuwa mezani au mfukoni ujumbe ulipoingia. Ukinyamaza, yeye anabaki na kazi ya kuamua kama ajifanye hajaona au akuulize. Kumwachia mkuu wako kazi hiyo ndilo kosa la pili, na hilo halifutiki kwa kidole.

Tena kuna suala la muda uliokaa hapo. Mfanyakazi wa miaka kumi akipotoka hivyo, wenzake wana miaka kumi ya kumpimia. Wewe una mwezi mmoja na siku kadhaa. Wengi kati ya wale sitini hawajawahi kuzungumza nawe, na huenda jina lako wamelisoma kwa mara ya kwanza jana, juu ya mzaha au juu ya mstari unaosema ujumbe umefutwa. Radhi yako haiendi kuurudisha mzaha. Inakwenda kuongeza kitu cha pili karibu na jina hilo.

Sasa hili la kufuta. Ulifanya vizuri kufuta, na dakika sita si nyingi, lakini naona kwenye barua yako unaamini kwamba kufuta kumemaliza sehemu kubwa ya jambo. Hapana. Kama mnatumia WhatsApp, kufuta kwa wote huondoa maneno na kuacha mstari mahali pake, ukionyesha kwamba wewe ulituma kitu ukakiondoa. Kwenye dakika sita hizo, arifa ilikuwa imeshapita juu ya skrini za watu, na wengi husoma kwenye arifa bila kufungua kundi. Anayesoma kwa njia hiyo haonekani kuwa amesoma. Kama kuna aliyekujibu kwa kuunukuu ujumbe wako kabla hujaufuta, maneno yako yanabaki ndani ya nukuu yake. Na picha ya skrini hakuna anayeweza kuifuta isipokuwa aliyeipiga. Kwa hiyo usiandike radhi yako kama mtu anayedhani hakuna aliyeona, wala kama mtu anayedhani wote wameona.

Hapo ndipo ugumu wa kuandika radhi ya namna hii ulipo, na ndipo wengi wanapoharibu. Kundini kwako leo kuna wasomaji wa aina tatu. Wapo waliousoma mzaha, wakacheka au wakakunja uso. Wapo waliouona mstari wa kufutwa tu, na hao kwa kawaida ndio wengi. Na wapo ambao hawakuona chochote, walikuwa na kazi zao. Maneno yako yatasomwa na wote watatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja atayasoma kwa macho yake. Sentensi inayomtuliza wa kwanza inaweza kumwambia wa tatu jambo ambalo hakulijua. Nikisema radhi iwe fupi, basi, sina maana kwamba ufupi ni adabu, ingawa ni kweli. Nina maana kwamba kila sentensi unayoongeza ina uwezekano wa kutangaza kitu kwa mtu asiyekuwa nacho.

Tuisome uliyoandika:

"Shikamooni wakubwa zangu. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi kwa ujumbe uliotoka kwa bahati mbaya jana. Ulikusudiwa kwenda kwa marafiki zangu na haukuwa na maana yoyote mbaya. Mimi namheshimu sana Mkuu wetu wa Idara na kila mmoja humu. Kama kuna yeyote aliyekwazika naomba anisamehe, bado ni mwanafunzi na ninajifunza. 🙏🙏🙏"

Nia yake ni njema, na sentensi zake karibu zote zinakugeuka. Niruhusu nianze na ile yenye madhara makubwa zaidi, ya kumheshimu Mkuu. Mtu ambaye jana aliona mstari wa kufutwa tu hakujua ujumbe ulimhusu nani. Kwa sentensi hiyo umeshamwambia. Hakuna mtu anayeapa hadharani kwamba anamheshimu bosi wake isipokuwa pale alipotoka kusema jambo juu ya bosi huyo. Watu arobaini waliokuwa hawajui sasa wataulizana pembeni aliandika nini, na mwenye picha ya skrini atapata sababu ya kuisambaza. Mkuu naye, ambaye pengine alikuwa ameamua kulipuuza, analazimika kuonekana mbele ya watu wake kama mtu aliyetaniwa. Jina lake, cheo chake, na hata neno "kikao", visitokee kabisa kwenye radhi ya kundini. Yeye ana radhi yake, tutaifikia.

Sentensi inayofuata kwa ubaya ni ya marafiki. Wewe ulitaka kusema kwamba hukukusudia kuwaudhi watu wa idara. Msomaji anasikia kitu kingine: kwamba kuna kundi jingine, lina watarajali wenzako, na huko ndiko Mkuu anakozungumzwa. Umewaingiza wenzako kwenye jambo ambalo hawakulitenda, na umefungua swali la yanayosemwa huko siku nyingine. Inatosha kusema ujumbe haukustahili kuwa kwenye kundi hilo. Ulistahili kuwa wapi, hakuna aliyeuliza.

"Uliotoka kwa bahati mbaya" ni kosa dogo lakini linasikika. Ujumbe hautoki wenyewe. Kuna aliyeandika na kubonyeza. Sarufi inayomficha mtendaji husomwa kama mtendaji anajificha, hasa na watu wazima waliosoma barua nyingi za kujieleza. Andika "nilituma". Dada yake sentensi hiyo ni "haukuwa na maana yoyote mbaya", ambayo humkumbusha msomaji kwamba maana mbaya ipo na inaweza kutafutwa. Na "kama kuna yeyote aliyekwazika" inageuza kosa lako kuwa tabia ya wasomaji: wenye ngozi nyembamba wajitokeze waombwe radhi. Ondoa neno "kama". Ukiomba radhi, omba kwa ulichofanya, usisubiri mtu athibitishe kuumia.

Kuhusu "bado ni mwanafunzi", ninaelewa kwa nini imekuja. Lakini kila mtu anajua wewe ni mtarajali, na muda wote huu unajitahidi uonekane mtu wa kazi. Usijishushe wewe mwenyewe siku unayotaka kuaminiwa. Mikono mitatu ya kuomba uiache pia. Alama hizo zina wepesi wa mazungumzo ya kawaida, na wepesi ndio uliokuleta hapa. Afadhali nukta.

Kitu kimoja ambacho umekikosa ni kutaja aina ya ujumbe. Kuna wanaoshauri isemwe tu "ujumbe usiohusika". Mimi sikubaliani nao kwa kesi kama hii. Mtu aliyeona mstari wa kufutwa halafu akaona radhi ya kirasmi bila maelezo atajaza pengo mwenyewe, na watu hujaza mapengo kwa mambo mazito kuliko yalivyokuwa: picha isiyofaa, matusi, siri ya ofisi. Neno moja, "mzaha", linazuia hayo yote. Linasema ukubwa wa kosa bila kusema yaliyomo. Usiurudie mzaha, usiueleze, usiufupishe.

Kwa hiyo hii ndiyo ningeituma kama ningekuwa wewe:

"Habari za asubuhi. Jana nilituma kwenye kundi hili ujumbe wa mzaha ambao haukustahili kuwa hapa, na nimeufuta. Kosa ni langu. Naomba radhi kwenu nyote."

Chini yake weka jina lako kamili na neno "mtarajali". Jina ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kwenye simu za watu wengi wa idara hujahifadhiwa. Wanaona namba, au jina la utani ulilojiwekea. Angalia hilo kabla hujatuma. Radhi ya kirasmi inayotoka kwa mtu anayejiita jina la mchezaji au lenye alama za moto na taji inapoteza nusu ya uzito wake. Picha ya wasifu nayo itazame.

Utaona sikuweka ahadi ya "haitatokea tena". Wapo viongozi wanaoipenda, na kama msimamizi wako atataka iwepo, iweke. Mimi huiona kama sentensi inayoombwa na mazoea tu: kidole kinaweza kuteleza tena, na kitakachokuhukumu siku hiyo ni ahadi, si mzaha.

Umeona nimemtaja msimamizi. Hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya kundi, kabla ya Mkuu, mwambie yule uliyekabidhiwa kwake. Yeye ndiye atakayeulizwa "huyu kijana wako vipi?", na ni vibaya sana asikie swali hilo kabla hajasikia habari kutoka kwako. Mweleze ulichoandika neno kwa neno, bila kukilainisha. Mwonyeshe radhi uliyoiandaa na umwambie unataka kumwona Mkuu kwanza. Anajua mambo ya nyumba hiyo ambayo mimi na wewe hatuyajui. Akikwambia Mkuu ameshalicheka na hataki liandikwe tena kundini, msikilize, mwone Mkuu tu na uishie hapo. Huo utakuwa uamuzi wa mtu anayemjua mhusika, tofauti kabisa na kunyamaza kwa woga.

Kisha Mkuu mwenyewe, ana kwa ana ikiwezekana. Usiende na maelezo ya simu na makundi. Baada ya salamu, mwombe dakika moja, mkiwa wawili tu au msimamizi wako akiwepo, useme kitu kama hiki: "Jana wakati unazungumza niliandika mzaha kuhusu urefu wa maelezo yako, na nikautuma kwenye kundi la idara. Haikuwa heshima. Nimekuja kuomba radhi." Hapa, tofauti na kundini, unataja kitu chenyewe, kwa sababu huyu ndiye kilichomhusu, na kumzungusha mtu kwa maneno ya jumla wakati huenda ameshasoma ni kumfanya mjinga mara ya pili. Ukishasema, nyamaza. Ukimya wa sekunde tano ofisini kwa mkubwa ni mrefu, na ndani ya sekunde hizo ndipo watu huanza kutapika utetezi. Vumilia.

Akicheka, tabasamu na ushukuru, lakini usiuendeleze mzaha hata akiuanzisha yeye. Akisema "sikuona chochote", usitoe simu kumwonyesha. Pengine hakuona kweli, au pengine amechagua hivyo. Kwa vyovyote amekupa mlango wa kutokea, pita. Akikukaripia, pokea, sema "nimeelewa", utoke. Kama hayupo ofisini wiki hii, mwandikie yeye peke yake, maneno yaleyale, kwa njia ambayo kwa kawaida watu wa ngazi yako huwasiliana naye. Kama watarajali hawamwandikii moja kwa moja, mpitishie msimamizi.

Ndipo lije kundi, na hayo matatu yote yanawezekana kabla ya saa sita mchana. Saa ya kutuma ina maana yake. Radhi bora ni ile inayofuata kosa ndani ya saa moja, lakini siku ya pili bado ni mapema. Ikishapita wiki, kundi limesahau, na hapo ningekwambia uende kwa Mkuu tu. Tuma ndani ya saa za kazi. Radhi ya saa tano usiku huonekana kama mtu aliyekosa usingizi, na huwaamsha wengine. Kabla ya kutuma, soma jumbe tatu za mwisho zilizoko kundini. Kama ya mwisho ni taarifa ya msiba, au agizo ambalo watu wanaendelea kulijibu, subiri mazungumzo hayo yakae. Radhi inayopenya katikati ya rambirambi ni kosa jipya.

Na usihariri. Kuna waliojaribu kuugeuza ujumbe badala ya kuufuta, kwa kuwa WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15. Ujumbe uliohaririwa hubaki na alama ya kuhaririwa, na aliyesoma mzaha dakika mbili kabla akikuta "Naomba kumbukumbu za kikao tafadhali" mahali pake ataona ujanja, na ujanja ndio utakaokumbukwa. Kwenye familia hiyohiyo ya makosa kuna kusingizia simu iliyoshikwa na mdogo wako, kudukuliwa, na kujitoa kwenye kundi. Ukijitoa, admini hupata taarifa kwamba umetoka, na atalazimika kukurudisha mbele ya watu.

Kwa wengine watakaosoma hapa na bado hawajafuta: hakikisheni mnachagua "Delete for everyone". "Delete for me" inaondoa ujumbe kwenye simu yako peke yako na kuuacha kwa wote, na ubaya wake ni kwamba wewe unadhani umemaliza. Ukibonyeza hiyo kwa kukosea, programu hukupa sekunde chache za kuirudisha kwa "Undo". Zikipita, kilichobaki ni kumwomba admini wa kundi aufute, kwa kuwa yeye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote. Kufuta kwa wote hakuna haraka ya dakika: WhatsApp inakupa siku mbili na saa 12. Kabla ya kufuta, au hata baada yake kama wewe, yaandike maneno yako mahali pako mwenyewe yalivyokuwa. Habari ikisafiri, mzaha huongezewa chumvi, na siku ukiulizwa ni vizuri uweze kusema hasa ulichoandika.

Baada ya radhi kuingia kundini, kazi yako ni kutofanya lolote. Watakuja wa kusema "pole, hutokea", atakuja mmoja wa kusema "turudishie tulikosa 😂", na wengine hawatasema kitu, jambo ambalo wewe utalitafsiri kuwa hasira. Ukimya wa kundi la kazi mara nyingi ni watu wanaofanya kazi. Usimjibu kila mmoja, kwa kuwa kila jibu linaipandisha habari juu tena. Mkuu akiandika neno, jibu "Asante" moja. Hao wawili walioweka kicheko jana usiwatafute kuwashukuru wala kuwauliza nani mwingine aliona. Na kule kwenye kundi la watarajali, tafadhali, usiuweke mkasa wote kuanzia mwanzo na kuufanya kichekesho cha wiki. Najua unatamani. Kundi lile nalo lina watu wanaopiga picha za skrini.

Yote haya yanafaa kwa mzaha wa kiasi chako: wa kukosa adabu kidogo, kuhusu jambo ambalo mtu analifanya. Kama maneno yangekuwa kuhusu alivyo mtu, yaani mwili wake, dini yake, kabila lake, ulemavu, au jinsia yake, ningekwambia usiandike chochote kundini kabla ya kukaa na msimamizi wako na ofisi inayoshughulikia wafanyakazi. Mambo hayo mara nyingi yana taratibu zake, aliyeguswa ana haki ya kuchagua yashughulikiwe vipi, na sentensi nne za kundini zinaweza kuonekana kama unayamaliza kwa niaba yake. Ni hivyo pia kama ujumbe ulikuwa na taarifa za mteja au za mgonjwa, hata kama uliandikwa kwa kuchekesha. Hapo tatizo si mzaha tena, ni taarifa iliyovuja, na kila saa unayochelewa kumwambia mwenye dhamana inaongeza kosa. Na kama kundi lina wateja au watu wa nje, usijiamulie: nani aandike, na kwa jina la nani, ni uamuzi wa ofisi.

Ukipokea barua au ujumbe wa kukutaka ujieleze, ambao kwa mzaha wako sitarajii, jibu kwa maandishi, ndani ya muda uliopewa, kwa yale uliyoulizwa tu. Mwarifu pia mratibu wa mafunzo wa chuo chako, kama ulipelekwa na chuo, kabla hujaijibu. Huyo amewahi kuona barua kama hizo, na ni vyema ukae naye uso kwa uso badala ya kutegemea jibu la mtu kama mimi nisiyejua kanuni za mahali ulipo.

Limebaki la kidole. Watu hudhani waliokosea kundi hawakuwa makini, na kwa sehemu ni kweli, lakini tazama jinsi orodha ya mazungumzo inavyofanya kazi. Inajipanga kwa ujumbe wa karibuni. Jicho lako linaliona kundi la watarajali likiwa juu, kidole kinashuka, na katika nusu sekunde hiyo mtu anaandika kwenye kundi la idara. Kundi la idara linaruka juu, la watarajali linashuka nafasi moja, na kidole kinatua pale kilipokuwa kimeelekea. Wakati wa kikao, ambapo watu wanatumiana ajenda na viambatisho, orodha hiyo haitulii. Kama majina ya makundi yote mawili yanaanza na jina la idara, kama ninavyoshuku, hata ukitupa jicho juu ya skrini halitakuokoa.

Libandike kundi la marafiki juu ya orodha, hilo peke yake, ili lisisukumwe na jumbe mpya za makundi mengine. Libadilishie jina lisifanane na la ofisi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kundi la idara uliwekee mandhari ya rangi isiyofanana na mazungumzo yako mengine yoyote. Mandhari hiyo unaiona wewe tu, na rangi inaonekana kabla ya herufi, hata ukiwa unaandika chini ya meza.

Jambo la mwisho ni ripoti yako ya mafunzo. Watarajali wengi wakifika sehemu ya "changamoto nilizokutana nazo" huingiza mkasa kama huu kuonyesha walivyokomaa. Usiuandike. Ripoti hiyo itasomwa chuoni na watu ambao hawakuwa kwenye kundi, na nakala yake mara nyingi hubaki kwenye faili la idara miaka mingi baada ya wote sitini kusahau. Msimamizi wako akitaka kuutaja kwenye tathmini yake, hilo ni lake, na uwezekano ni mkubwa kwamba atakachokitaja ni kuwa ulikwenda kumwambia mwenyewe.